Uzi: Rafiki yuko mbali, meseji za kila wiki zimegeuka deni. Mnaandikaje?

Kalamu_Nyepesi (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Swali langu ni la utendaji, si la hisia.

Rafiki yangu wa tangu shule yuko mbali, tumepishana saa 9. Kwangu ikiwa saa 1 asubuhi, kwake ni saa 10 alasiri. Anafanya kazi ya zamu na ana mtoto mchanga. Tulikubaliana kuandikiana kila Jumapili. Wiki sita za mwanzo mambo yalikwenda, kisha tukaingia kwenye "mambo vipi", "poa, za huko", baadaye zikaja samahani ndefu za kuchelewa kujibu, na sasa ni kimya cha wiki tano. Hatujagombana hata kidogo.

Nataka kujua mnaandika nini hasa, kwa urefu gani, mara ngapi, na mnafanyaje ili yule wa upande wa pili asione kama analipishwa. Msinijibu "mpigie tu". Saa zetu hazikutani kirahisi.

Nyota_ya_Asubuhi

Mkuu, dawa ni kutokuacha. Weka alamu kila siku, mtumie hata picha ya "asubuhi njema" au kijiposti kizuri ulichokikuta. Haichukui hata nusu dakika. Urafiki ni kama moto wa kuni, usipochochewa unazimika. Na ukiona stetasi yake, wekea moyo. Akiona jina lako kila siku hawezi kukusahau.

Mzee_wa_Barua

Nyota yuko sahihi kwamba kidogo na mara nyingi ni bora kuliko kikubwa kwa nadra. Hapo kwenye picha za asubuhi njema ndipo tunapoachana. Picha ya kusambazwa ingeweza kwenda kwa yeyote, na WhatsApp yenyewe inaiwekea alama ya kuonyesha kuwa imetoka kwa mtu mwingine. Mpokeaji anaona jina lako, lakini haoni kwamba umemfikiria yeye. Baada ya siku kumi anaacha kufungua, na ile meseji yako ya maana ikija inalala kwenye rundo hilohilo.

Sasa nirudi kwa mleta uzi. Kilichowaua si kimya. Ni deni. Kila meseji ya Jumapili ilikuwa na maswali ndani yake: habari za kazi, za mtoto, za wazazi, mipango ya mwaka. Mtu wa zamu akiisoma akiwa amechoka anajiambia, hii inastahili jibu zuri, nitaijibu nikitulia. Hatulii. Jumapili nyingine inafika na deni lingine juu ya lile. Sasa anadaiwa majibu mawili pamoja na samahani. Wiki ya tatu samahani yenyewe inahitaji maelezo, na maelezo yanahitaji muda ambao hana. Kwa hiyo anakaa kimya kwa sababu anakujali, ndiyo maana hakuna ugomvi.

Ujumbe usiozaa deni nautambua kwa mambo matatu. Unabeba kitu kimoja tu. Kitu hicho kina maana kwake yeye kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Na unajifunga wenyewe, yaani akiusoma akatabasamu akaweka simu chini, hakuna kilichobaki wazi. Urefu ni sentensi moja hadi tatu. Zikifika sita, umeanza barua.

Linganisha hizi mbili:

"Habari za siku nyingi! Vipi kazi, mtoto anaendeleaje, na ile nyumba mlihamia? Nimekumisi sana, tutafutane."

"Leo nimesikia mtu anacheka kama mwalimu wetu wa hesabu, kile kicheko cha kukata pumzi. Nimegeuka kukutafuta ulipo."

Ya kwanza ina maswali matatu, na lile "tutafutane" ni kazi ya nne. Ya pili haina swali hata moja, lakini inamwambia kwamba yumo kichwani mwako siku ya kawaida kabisa. Atajibu kwa imoji au atakumbusha kisa kingine cha huyo mwalimu. Yote mawili yanatosha.

Mama_Pili

Mwanangu, mimi nitakuambia ukweli. Mwanaume anayekaa kimya wiki tano na ana mtoto huko, usijipe moyo. Masafa ni mtihani. Ukimwandikia kila siku atakuona unang'ang'ania. Kaeni chini mwulizane, mnaelekea wapi?

Kalamu_Nyepesi

Mama shikamoo. Samahani, sikueleza vizuri. Huyu ni rafiki tu, tumesoma pamoja, na mke wake namfahamu vizuri. Hakuna la mapenzi hapo.

Mama_Pili

Marahaba. Aa, basi nimesoma haraka. Lakini hata kwa rafiki, lile la kuulizana wazi silirudishi nyuma. Mwambie mara moja kwamba hadaiwi jibu. Mtu hawezi kujua msamaha ambao hajatamkiwa.

Mzee_wa_Barua

Mama ameligusa jambo kubwa. Litamkwe, ila litamkwe mara moja tu. Mfano: "Tukubaliane kitu. Meseji zangu si za kujibiwa zote. Ukijibu moja kati ya tano nitajua uko hai na umenikumbuka. Mimi nami nitafanya vivyo hivyo." Hayo yakishapita, usirudie "usijali kujibu" chini ya kila ujumbe. Ikirudiwa inaanza kusomeka kinyume, kama unamkumbusha kwamba hajibu.

Zamu_ya_Usiku

Naongeza kutoka upande wa mpokeaji, maana kazi za zamu nazijua. Meseji ya kitu kimoja hujibiwa mtu akiwa amesimama. Meseji ya vitu vinne huwekewa alama ya "haijasomwa" isubiri, na hapo ndipo inapofia. Ikibidi uulize, uliza swali linalofungika kwa neno moja. "Mtoto ameanza kulala usiku, ndiyo au bado?" nitalijibu nikiwa kwenye lifti. "Mtoto anaendeleaje?" linanitaka nifikirie nianzie wapi.

Na kuhusu saa: usimwandikie ukihesabu kwamba sasa hivi yuko macho kwa hiyo atajibu. Mtu wa zamu saa zake hazitabiriki. Tuma wakati ambao simu yake ikilia haitamuumiza, basi. Telegram ukibonyeza kitufe cha kutuma bila kuachia, unapata kutuma bila mlio au kupanga saa ya kutuma. Kwa mwenye mtoto mchanga, kutuma bila mlio ni heshima.

Fundi_Saa

Swali kwa Mzee. Kwa ulivyoeleza, ni kama unasema tusipange Jumapili. Sasa bila kupanga si ndiyo mtu anasahau miezi minne? Hapo ndipo mimi huangukia. Nia ninayo, siku zinapita.

Mzee_wa_Barua

Panga, ila usipange kutuma. Panga kukusanya.

Kwenye WhatsApp unaweza kujitumia ujumbe mwenyewe, fungua gumzo hilo libandike juu. Ukiona kitu kinachomhusu rafiki, kiandike hapo kwa maneno manne: "kicheko, mwalimu wa hesabu". Ukipita kwenye bango lenye jina la timu yake, piga picha. Kazi hiyo ni ya sekunde kumi na huifanyi kwa ajili ya ratiba, unaifanya kwa sababu kitu kimetokea. Kisha mara moja kwa wiki, siku yoyote, unafungua na kuchagua kimoja kilicho hai. Kilichozeeka unafuta bila huruma. Kama hakuna kitu, hutumi chochote wiki hiyo. Pengo la wiki mbili halina madhara kama la nyuma halikuacha deni.

Tofauti na Jumapili ni hii. Alamu inakuuliza "umemwandikia?" nawe unatafuta cha kusema, ndipo unapata "mambo vipi". Mkusanyo unakupa cha kusema kwanza. Tena meseji ya siku isiyotegemewa hupokewa vizuri zaidi. Peggy Liu na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2022 kuhusu watu wanaowatafuta jamaa zao ghafla. Waliotuma walikuwa wanakadiria chini ya uhalisia jinsi mpokeaji angefurahi, na kadiri salamu ilivyokuwa ya kushtukiza ndivyo ilivyothaminiwa zaidi. Wao walipima salamu ya mara moja, hivyo sitaunyoosha utafiti huo ufunike miezi na miezi. Lakini kwa mtu anayesita kuvunja kimya cha wiki tano unamgusa kabisa.

Kitu cha pili cha kukusanya ni tarehe zake. Akitaja kwamba tarehe fulani ana usaili, au mtoto anapelekwa chanjo, iandike kwenye kalenda, lakini weka siku inayofuata. Asubuhi ya tukio ana meseji za kutosha za kumtakia heri. Kesho yake wote wameondoka. Hapo unaandika: "Jana ilikuwa siku ya usaili. Natumaini umelala vizuri." Usiulize "ilikuwaje?" Kama yalimwendea vibaya, swali linamlazimisha kuripoti. Bila swali, mlango uko wazi na yeye ndiye anaamua kuingia.

Bahari_Kuu

Mzee nakuheshimu, lakini hili la kutouliza sikubaliani nalo lote. Mtu anayenitumia vituko vyake miezi mitatu bila kuniuliza chochote ananifanya hadhira yake. Nitacheka, lakini mwisho nitajiuliza kama anajua hata ninaishije. Wapo watu ambao kwao kuulizwa ndiko kupendwa.

Mzee_wa_Barua

Hapo umenibana kwa haki. Nisingesema maswali sifuri. Mimi huenda kama moja kwa kila meseji nne, na liwe linatoka kwenye jambo alilolisema yeye. "Yule bosi mpya bado anapiga simu usiku?" ni swali linaloonyesha ulisikiliza. "Vipi kazi?" linaonyesha umesahau. Na kwa mtu wa aina yako, Bahari, huenda moja kwa mbili ndiyo sawa. Utaona kwa majibu yake: akiulizwa anaandika mistari minne kwa furaha, mwongezee. Akiulizwa anakaa siku nane, mpunguzie.

Kalamu_Nyepesi

Naomba basi unifanyie mfano kwa hali yangu, wiki kwa wiki. Na hiki kimya cha wiki tano nakivunjaje? Nilikuwa nimeandaa aya nzima ya kuomba radhi.

Mzee_wa_Barua

Aya hiyo ifute. Ukiomba radhi kwa urefu, naye atalazimika kuomba radhi kwa urefu, mtaanza na deni jipya. Ingia kana kwamba mlionana juzi.

Wiki ya kwanza, siku isiyo Jumapili, maana Jumapili imeshabeba lawama. Tuma ile ya kicheko au kumbukumbu yenu nyingine, sentensi mbili. Usiongeze "najua uko bize". Asipojibu usitume ya pili wiki hiyo, hata ukiona tiki za bluu. Tiki zinasema amefungua, hazisemi kama alikuwa na nafasi ya kujibu.

Wiki ya pili, picha moja pamoja na mstari unaosema kwa nini inamhusu: "Hii baiskeli ina kengele kama ile yako iliyotuponza." Picha bila mstari inamwachia kazi ya kuuliza ni nini. Siku mbili tatu baadaye, kama alijibu lile la kwanza, ndipo swali la neno moja kuhusu mtoto kulala.

Wiki ya tatu, kama amesema jambo, fuata hilo. Tuseme alisema zamu za usiku zinaisha mwisho wa mwezi. Unaliweka kwenye kalenda na kumtumia sauti ya sekunde 40. Hapo tu, hakuna jingine.

Wiki ya nne, siku baada ya zamu kuisha: "Usiku wa kwanza kitandani. Usiguse simu, lala." Na ndipo, kama ameshajibu walau mara mbili, unaleta lile patano la Mama Pili la kutodaiana. Ukilileta siku ya kwanza baada ya kimya litasikika kama hati ya mashtaka. Akiwa ameshajibu, linasikika kama nafuu.

Hesabu yake ni meseji tano au sita kwa mwezi, na swali moja. Jumla ya muda wako haifiki dakika kumi.

Fundi_Saa

Umetaja sauti. Mimi voisi za dakika saba naziogopa kama bili.

Zamu_ya_Usiku

Ndiyo maana kasema sekunde 40. Maandishi unayapitia kwa jicho, voisi lazima uikae. Inataka masikio, inataka faragha, na hujui kama ndani yake kuna jambo la haraka. Anayetuma aandike mstari mmoja chini yake: "si ya haraka, ni kisa cha kengele". Na ajue hili: ukizima tiki za bluu kwenye WhatsApp, ile alama ya kuonyesha sauti imesikilizwa haizimiki. Kwa hiyo wapo wanaoahirisha kuisikiliza ili tu wasionekane wamesikia na hawajajibu.

Bahari_Kuu

Hata hivyo sauti ina kitu maandishi hayana. Amit Kumar na Nicholas Epley, mwaka 2021, waliwapa watu kazi ya kuwasiliana na rafiki wa zamani kwa simu au kwa maandishi. Watu walitegemea simu italeta aibu ya ukimya. Haikuleta zaidi ya maandishi, na waliozungumza walijisikia karibu zaidi. Ile ni simu ya moja kwa moja, si voisi, naelewa. Ila mimi ningesema meseji ndogo zisigeuke sababu ya kutopigiana kamwe. Kwa pengo la saa 9, saa 6 mchana ya Kalamu ni saa 3 usiku kwa rafiki. Siku asiyo na zamu, nusu saa hapo inapatikana, hata mara moja kwa miezi miwili.

Mzee_wa_Barua

Nakubali. Habari nzito zisubiri simu. Meseji ndogo zinafanya simu hiyo isianze na "haya, nianzie wapi".

Chesi_Pole_Pole

Nimesoma uzi wote, sijaona anayetaja wale wasiopenda kuandika kabisa. Sam Roberts na Robin Dunbar waliwafuatilia wahitimu wa shule kwa miezi 18 baada ya kutawanyika. Urafiki wa wasichana ulishikiliwa zaidi na kuzungumza, wa wavulana na kufanya kitu pamoja. Si sheria kwa kila mtu, lakini kama rafiki yenu hajibu maneno, mpeni kitu cha kufanya.

Chesi ya kuandikiana inafaa sana. Lichess inakuruhusu kuchagua siku 1 hadi 14 kwa kila hatua. Chagueni siku 3 au 7. Hatua moja ni mguso mmoja wa kidole, inasema "nipo, nimekuona", na zamu yake ikifika programu ndiyo inayomkumbusha, si wewe. Mchezo mmoja unaweza kuchukua miezi. Makosa ya kawaida ni kuchagua siku 1: mtu wa zamu atashindwa kwa muda, na deni limerudi kwa mlango wa nyuma. Kosa la pili ni kupambanisha watu wa viwango tofauti sana, anayepigwa kila mara ataanza kuchelewa.

Nyota_ya_Asubuhi

Nimekubali kuhusu picha za asubuhi, naziacha. Ila kuuliza si ujinga. Kama ni mimi ndiye ninayeanza kila mara, miezi sita, yeye hajawahi kuanza hata siku moja, hiyo si alama kwamba niache?

Mzee_wa_Barua

Kutoanza peke yake hakuniambii mengi. Wapo watu wasioanza na mtu yeyote. Mimi huangalia ndani ya majibu yake. Je, anarudisha kitu chake, hata kidogo? Je, anakumbuka ulichosema mwezi uliopita? Mtu asiyeanza lakini anayekujibu "hivi yule jirani wako alihama?" yuko nawe. Anayejibu "hahaha" miezi sita, punguza hadi moja kwa mwezi, uone kama pengo atalihisi.

Alama ninayoiogopa zaidi ni nyingine. Ni pale anapoanza kujibu kwa mafungu: kimya wiki mbili, kisha meseji moja ndefu inayojibu kila ulichotuma, hoja kwa hoja, ikitanguliwa na samahani. Inaonekana kama uchangamfu. Kumbe anafunga hesabu. Hapo nakata kasi kwa nusu na kutuma vitu vyepesi zaidi, visivyo na swali kabisa, kwa wiki tatu nne.

Bahari_Kuu

Hilo la kupunguza bila kumwambia ndilo sikubali. Kwangu ni kama kumtega. Ningemwuliza.

Mama_Pili

Mimi niko na Bahari.

Mzee_wa_Barua

Inawezekana mko sahihi kwa rafiki mnayeweza kuulizana naye mambo hayo. Nami ninao ambao swali hilo lenyewe lingewafukuza. Tuliache hapo, kila mtu anamjua wake.

Kalamu_Nyepesi

Wakuu, nimetuma ile ya kicheko, sentensi mbili, bila samahani. Ni Jumanne. Tiki bado ni moja ya kijivu, nadhani yuko kazini. Nimeandika "kengele ya baiskeli" kwenye gumzo langu mwenyewe kwa wiki ijayo. Na Chesi_Pole_Pole, yeye hajui chesi lakini zamani tulicheza sana michezo ya maneno. Kuna unayoijua ya zamu kwa zamu inayoruhusu siku kadhaa?